Swali la mama wa Kigombe likae wapi? Namna ya kuandika kipindi cha maswali ya wasikilizaji

Kipindi cha maswali na majibu huonekana chepesi kuandika kwa sababu nusu ya kazi imeshafanywa na wengine. Wasikilizaji wameuliza, wewe unajibu, basi. Ukikaa kusikiliza ndipo unapokuta mtangazaji anasema mara nane, "Swali letu linalofuata linatoka kwa msikilizaji wetu wa…", na kila akisema hivyo kipindi kinasimama kama daladala ya Ngamiani inayoshusha abiria kila kona. Majibu yenyewe yanaweza kuwa mazuri yote, na kipindi bado kisiende.

Kwa muda mrefu nilidhani dawa yake ni kutafuta sentensi nzuri za kuunganisha. Niliandika "tukiachana na hilo", "wakati huohuo", "na sasa tugeukie upande wa pili", na bado kipindi kilisikika kama orodha. Kosa langu lilikuwa kulitafuta daraja pasipo mahali pake. Nilikuwa naliweka mwanzoni mwa swali jipya, na kumbe hujengwa mwishoni mwa jibu lililotangulia. Hata hapo halijengeki kama maswali yenyewe hayajapangwa yafuatane. Nitaeleza kwa kipindi kimoja tulichokiandaa hapa Tanga, cha dakika 20, kuhusu samaki silikanti.

Tulikuwa tumeshatoa kipindi cha kwanza juu ya samaki huyo. Tulisimulia jinsi mwaka 1938 mmoja alivyopatikana Afrika Kusini, wakati wataalamu wakiamini ukoo wake ulikwisha kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Tukaeleza pia jinsi alivyoanza kunaswa Tanzania mwaka 2003, na jinsi Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilivyoanzishwa mwaka 2009. Maoni yakamiminika, mengine ya maandishi, mengine ya sauti. Baada ya kuondoa salamu, pongezi na watu waliotuma ujumbe uleule mara mbili, tulibaki na mambo saba yenye kitu ndani yake.

Msikilizaji mmoja alilalamika kwamba tulisema hifadhi imezuia uvuvi wote, jambo ambalo si kweli. Mzee wa Mwambani aliuliza kwa nini enzi za ujana wake hawakumwona samaki huyo hata siku moja, ila miaka hii anaonekana. Mama wa Kigombe alituma sauti ndefu. Mumewe alimnasa mmoja kwenye jarife, wavu wa kutegea papa, akamrudisha majini akiwa bado anapumua, lakini samaki akafa palepale. Kwa nini afe, na maji ni yaleyale? Mwanafunzi wa Pangani alitaka kujua huyo samaki alijulikanaje kabla ya 1938 ikiwa hakuna aliyemwona akiwa hai. Mwingine aliuliza anaishi miaka mingapi. Kijana wa Makorora akatania: "Kwa picha ile, huyo ni babu yangu mzaa baba, mapezi tu ndiyo yamezidi." Wengi kuliko wote waliuliza jambo moja: analiwa?

Kulikuwa na la nane pia, bei yake, nalo tuliliacha nje kwa makusudi. Samaki analindwa, na kipindi kinachotaja bei kinamtafutia soko. Si kila swali lililoulizwa na wengi lina haki ya kujibiwa hewani.

Kabla ya kuyapanga, niliandika majibu yote mafupi mafupi, kila moja kwenye kadi yake. Kazi hii ndiyo watu wengi huiruka. Wanapanga maswali wakiwa hawajajua majibu, halafu wanashangaa mbona hayaunganiki. Swali halina mkia. Mkia uko kwenye jibu. Juu ya kila kadi niliandika mstari mmoja: msikilizaji awe ameshajua nini ili alielewe jibu hili? Chini yake niliandika mwingine: jibu hili linamwachia kiu gani? Kwa ufupi, linadai nini na linaacha nini.

Chukua kadi ya mzee wa Mwambani. Jibu lake ni kwamba samaki hakuhamia kwetu, ila nyavu ndizo zilizomfuata. Silikanti hushinda mchana kwenye mapango ya miamba ya chini sana, kiasi cha mita 100 na zaidi, na hutoka usiku kuwinda. Ndoana na nyavu za maji mafupi hazikumfikia. Jarife la papa likitegwa kwenye maji marefu, linamkuta huko aliko. Jibu hili linadai msikilizaji awe ameshasikia jarife ni nini. Na linaacha kiu hii: sasa akishanaswa, anaweza kurudishwa? Ukitazama kadi ya mama wa Kigombe, hilo ndilo swali lake.

Hapo sikuhitaji kutunga daraja. Nilihitaji tu kulimaliza jibu la mzee mahali panapofaa. Mara ya kwanza nilikuwa nimelimaliza hivi: "Kwa hiyo, mzee wetu, samaki alikuwepo siku zote, ila hamkuwa na nyavu za kumfikia. Asante kwa swali lako zuri." Huko ni kufunga mlango na kuweka komeo. Nikaandika upya:

"Kwa hiyo, mzee wetu, yeye hakuja. Sisi ndio tuliomfuata alipo. Na akishaingia kwenye jarife, mvuvi mwenye huruma hufanya nini? Humtoa, akamrudisha."

Kisha sauti ya mama ikaingia moja kwa moja, bila mtangazaji kusema neno: "Mume wangu alimrudisha…" Msikilizaji hakuambiwa kwamba swali jipya limeanza. Amelisikia likianza.

Ukipanga kadi kwa kufuata linalodaiwa na linaloachwa, mpangilio hujitokeza karibu wenyewe. Nasema karibu, kwa sababu kuna mambo ambayo mantiki peke yake haiyaoni.

La kwanza ni lalamiko. Mtu amesema tumekosea, na ni kweli tumekosea. Kwenye hifadhi ya bahari kuna maeneo yaliyogawanywa na masharti yake, na wavuvi wa vijijini wanaendelea kuvua kwa zana zinazoruhusiwa. Tulizungumza kwa haraka tukaufanya ukanda mzima uonekane umefungwa. Kimantiki lalamiko lile lingekaa vizuri katikati, karibu na habari za nyavu. Lakini masahihisho yakikaa katikati yanasikika kama yanafichwa, na aliyelalamika atasikiliza dakika kumi nzima akiwa na kinyongo. Tuliliweka la kwanza, bila kujitetea. Kwa bahati lilikuwa na mkia mzuri. Ukishasema kwamba uvuvi haujazuiwa wote, unabaki kusema ni zana gani inayohofiwa, nayo ni jarife la maji marefu. Papo hapo kadi ya mzee imepata ilichokuwa ikidai.

La pili ni hisia. Swali la kama analiwa lilikuwa na wengi nyuma yake, na kwa kadi lingeweza kufuata mara moja baada ya mama wa Kigombe: samaki amekufa, yuko ndani ya ngalawa, je, apikwe? Kwenye karatasi daraja lile lilikuwa zuri mno, nami nililipenda. Mtangazaji wangu alilisoma kwa sauti, akaweka karatasi mezani. "Kaka, huyu mama analia humu," akaniambia. "Halafu mimi nimuulize mchuzi?" Alikuwa sahihi. Sauti ya yule mama ilikuwa na masikitiko ya kweli, na daraja linaloungana kwa maana likikatika kwa hisia ni bovu kuliko kutokuwa na daraja. Ndiyo maana nashauri mpangilio usomwe kwa sauti na mtu ambaye hakuuandika. Mwandishi huiona maana, msomaji huisikia sauti.

Basi baada ya mama tulihitaji jibu linaloheshimu masikitiko yake. Lenyewe ni hili: maji si yaleyale. Kule chini ni ya baridi, huku juu ni ya moto na hewa iliyoyeyuka ndani yake ni kidogo, na samaki huyu hutumia nguvu kidogo sana katika maisha yake, hivyo hana akiba ya kuhimili safari ile. Kumwachia juu ya maji ni kumwacha ambako hawezi kupumua vya kutosha. Mumewe hakukosea kumrudisha. Mwisho wa jibu tukaandika: "Na anayekufa huyo hazibiki pengo lake upesi." Hapo swali la umri likapata pa kuingilia. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba silikanti anaweza kufika miaka 100 hivi, na kwamba mimba yake huchukua kama miaka mitano. Swali ambalo peke yake lingekuwa la chemshabongo sasa limebeba uzito wa lile lililotangulia. Namba ni zileile, ila mahali ndipo palipozibadilisha.

Baada ya hapo kipindi kilikuwa kimeelemewa. Dakika kumi za nyavu, kifo na mimba ya miaka mitano. Msikilizaji anahitaji kuvuta pumzi. Hapa ndipo utani wa kijana wa Makorora ulipopata kazi. Watu huweka utani mwanzoni ili kuchangamsha, au mwishoni kama peremende. Mahali pake hasa ni pale unapotaka kugeuza mwelekeo, kwa sababu kicheko kinakata mstari bila kuuvunja. Nasi tulikuwa na ndoano tayari: miaka 100 ni umri wa babu. "Umri huo ni wa babu," mtangazaji akasema, "na yuko kijana wa Makorora anayedai ni babu yake kabisa." Akausoma utani, akacheka, kisha akaupokea kwa jibu la kweli: kijana hajakosea sana. Mapezi yale yenye nyama na mfupa yanamweka silikanti kwenye ukoo ulio karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, sisi tukiwemo, kuliko ulivyo na changu au jodari.

Neno ukoo likafungua kadi ya mwanafunzi wa Pangani. Ukoo huo ulijulikanaje kabla hajaonekana? Kwa masalia yaliyogeuka mawe. Wataalamu walikuwa na umbo lake kwenye miamba tangu karne ya 19, ndiyo maana mwaka 1938 bi Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akisimamia jumba dogo la makumbusho Afrika Kusini, alipomwona kwenye shehena ya wavuvi alijua kwamba ana kitu mkononi, na mtaalamu aliyepelekewa mchoro wake akamtambua. Hapo nilikuwa na chaguo la kumalizia. Ningeweza kumalizia Afrika Kusini, na jibu lingekuwa kamili. Nikaongeza sentensi mbili nyingine: wa pili alipatikana Visiwa vya Komoro mwaka 1952, na huko ikagundulika kwamba wavuvi walikuwa wakimjua tangu zamani kwa jina la gombessa, ila hawakumthamini. Kwa nini wavuvi wasimthamini samaki wa kilo 80?

Kila anayesikiliza Tanga sasa anajiuliza lilelile waliloliuliza wengi tangu mwanzo. Analiwa?

Kuliweka swali hilo mwisho kulizua ubishi. Hofu ya mtangazaji ilikuwa kwamba waliouliza wangeona wanazungushwa. Tulisuluhisha kwa kulitaja dakika ya kwanza: "Mmetuuliza wengi kama analiwa. Jibu lipo, na wavuvi wa Komoro wanalijua kuliko sisi." Ahadi ya namna hii inafanya kazi endapo tu unaitimiza kwa jibu lenye uzito. Lililopo ni hili: nyama yake imejaa mafuta ambayo tumbo la mtu haliwezi kuyasaga vizuri, na aliyemla hujikuta anakimbilia msalani. Watu watacheka. Na baada ya kicheko tukarudi kwa mzee wa Mwambani kwa sentensi moja tu, kwamba huenda wazee wake wangemvua wangemtupa vilevile. Kurudi kwa mtu aliyesikika mwanzoni ni aina nyingine ya daraja, refu, linalofunga kipindi kizima. Lakini lisizidi mara moja kwa kipindi. Ukimrudia kila muulizaji inakuwa kuita majina darasani.

Sasa nitaje kipimo ninachokitumia kujua kama daraja ni la kweli. Chukua maswali mawili yanayofuatana na uyabadilishane nafasi, bila kugusa neno lolote. Kama kipindi bado kinasomeka sawasawa, hapo hapakuwa na daraja, palikuwa na gundi. "Na sasa tumsikilize msikilizaji wetu wa Pangani" inakubali kuwekwa popote. "Umri huo ni wa babu" haikubali kwenda kokote isipokuwa pale ilipo.

Kipimo hicho hakigundui daraja la uongo, na hilo linahitaji sikio. Daraja la uongo linaungana kwa neno tu, si kwa maana. Mfano: "Mimba ya miaka mitano ni safari ndefu, na tukizungumzia safari, msikilizaji wetu anauliza silikanti walifikaje Tanga." Neno safari limerukia kutoka kitu kimoja hadi kingine, na msikilizaji analiona likiruka. Dalili yake ni yale maneno "tukizungumzia". Nikiyakuta kwenye skripti yangu nasimama nakagua, na mara nyingi nayafuta. Kama maswali mawili hayaungani kabisa na yote lazima yawemo, ni heri kukiri. Weka kituo cha sekunde mbili tatu, sauti ya mawimbi au ukimya mtupu, kisha anza upya. Sikio linakubali pengo la wazi. Halikubali kudanganywa.

Kuna jambo la maneno ya wasikilizaji wenyewe. Ujumbe haukuandikwa usomwe hewani. Mzee wa Mwambani alianza na salamu ya mistari mitatu, akamtaja marehemu kaka yake na mashua yao, akalalamikia bei ya mafuta ya boti, ndipo akauliza. Ukiusoma wote unapoteza dakika nzima, ukiufupisha hadi kuwa "kwa nini silikanti hawakuonekana zamani?" umemfuta mzee. Nilibakisha hivi: "Mimi na marehemu kaka yangu tulivua Mwambani tangu tukiwa watoto, hatukumwona hata siku moja. Ametoka wapi?" Maneno yote ni yake, nimepunguza tu. Sheria yangu ni kwamba naruhusiwa kukata, siruhusiwi kuongeza, na nabakisha kitu kimoja ambacho mwingine asingekisema. Hapa ni yule kaka. Kwa sauti ya mama wa Kigombe ilikuwa vigumu zaidi, maana sauti ukiikata vibaya inasikika imekatwa. Tulimpigia, tukamwomba ruhusa kuitumia na kuipunguza, akakubali ila akataka jina la mumewe litoke. Likatoka.

Na kila jibu lirudie swali ndani ya sentensi yake ya kwanza. Mtu anasikiliza akiwa kwenye bajaji au anapuliza jiko; swali likipita hakulisikia. Jibu likianza na "Hapana, kwa sababu ya joto na hewa" amepotea. Likianza na "Samaki aliyerudishwa hufa kwa sababu maji ya juu si kama ya chini" amerudi ndani, ijapokuwa swali lilimpita.

Kuhusu urefu sina mengi. Mtangazaji wangu husoma maneno kama 110 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu na yeye hana haraka. Dakika 20 ukitoa muziki na sauti za wasikilizaji zinabaki kama 17, maneno chini ya 1,900. Kwa mambo saba utashawishika kuyagawa sawa, kila moja maneno 260. Usifanye hivyo. Mama wa Kigombe alipata karibu dakika nne na utani wa babu ukapata chini ya moja na nusu. Majibu yanayolingana urefu hutengeneza mdundo ambao sikio linaugundua kufikia la tatu, na kuanzia hapo mtu anasubiri liishe badala ya kusikiliza.

Siku ya kurekodi, kabla ya kuwasha kinasa sauti, huwa tunasoma viungo peke yake: sentensi mbili za mwisho za kila jibu na ya kwanza ya swali linalofuata, kutoka juu hadi chini, bila majibu. Haichukui dakika mbili. Kwenye kipindi hiki tulikwama mahali pamoja tu, kati ya lalamiko la hifadhi na mzee. Nilikuwa nimeandika "zana inayohofiwa zaidi ni jarife la maji marefu", na mzee hakuwa amelitaja jarife hata kidogo. Swali lake lilikuwa ametoka wapi. Tuliligeuza jibu limalizikie kwa samaki badala ya wavu: "…ni jarife la maji marefu, kwa sababu ndiyo zana inayofika anakoishi." Mtangazaji akasoma tena, akaendelea moja kwa moja na "Mimi na marehemu kaka yangu tulivua Mwambani", hakusimama, akanyoosha mkono akawasha.